Kichwa cha Habari Kilichokaribia Kung'oa Shamba la Shangazi

Kazi ya kuandika vichwa vya habari niliipata kwa sababu ya mwandiko. Hakuna aliyeniuliza kama nina akili. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na gazeti letu la Arua lilikuwa la kurasa nne, la kupigwa kwa mashine ya kurudufisha, lenye wino uliokwenda na wewe nyumbani mikononi, kwenye kanga na mpaka kwenye chai. Habari zenyewe zilichapwa kwa taipureta juu ya stensili, ile karatasi ya nta. Vichwa vya habari vilichorwa kwa mkono, kwa sindano yenye ncha ya mviringo na rula yenye herufi zilizotobolewa. Mkono ukitetemeka, stensili inachanika na unaanza upya. Mkono wangu haukutetemeka, na nilijivuna sana kwa hilo.

Mhariri alikuwa mwalimu mstaafu, na sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja na tabia ya kuuliza maswali kama vile bado uko darasa la tano. Kila kichwa cha habari nilichompelekea alikigonga kwa kalamu na kuuliza, "Nani kasema? Wapi? Kwa muda gani?" Nikijibu upesi alitabasamu. Nikijibu polepole alinirudishia karatasi. Mimi niliona ni uzee tu. Kichwa cha habari, niliamini, kazi yake ni kumshika mtu kola. Mengine atayasoma ndani.

Tatizo ni kwamba sokoni Koboko hakuna aliyekuwa anasoma ndani.

Ukurasa wetu wa kwanza ulikuwa wa Kiswahili kwa ajili ya Koboko hasa, maana soko la kule linachanganya watu wa kila upande wa mpaka, na lugha inayowatosha wote ni ile ya jeshi na biashara. Mabunda yetu yalifika sokoni kwa gari la abiria na kupokewa na mzee mmoja aliyekuwa sajini zamani, mkufunzi wa gwaride. Jeshi lake lilikwisha kusambaratika lakini sauti ilibaki yote. Sajini alipanda juu ya kreti la soda mbele ya maduka ya nguo, akavuta pumzi, akapiga kelele vichwa vya habari, kimoja kimoja, kama anatoa amri kwa kikosi. Kina mama waliokuwa wanapima simsim, yaani ufuta, walinyamaza. Mafundi baiskeli waliweka spana chini. Kisha wachache walinunua gazeti, na wengi walirudi nyumbani Dranya, Lobule na kwingineko na maneno yale ya Sajini kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Sajini hakuongeza neno wala kupunguza. "Mimi nasoma kile iko," alikuwa akisema. "Kile haiko, mimi hapana soma."

Nilipenda sana kwenda Koboko na mabunda. Kusikia maneno yako yakitoka kwenye kifua kile, halafu soko zima linageuza shingo! Nilikuwa na miaka ishirini na minne na sikujua furaha kubwa kuliko hiyo.

Basi, siku moja likaja tangazo kutoka kwa maofisa wa kilimo. Karatasi mbili, zimepigwa chapa vizuri, muhuri chini. Wakati huo muhogo ulikuwa unaumwa kila mahali. Majani yalijikunja kama ngumi ya mtoto mchanga na kuwa na madoa ya njano, na mizizi ikabaki myembamba. Watu walikuwa na hofu kweli, kwa sababu kwetu muhogo ndio ghala. Unauacha ardhini, unachimba unapohitaji. Tangazo lilisema kwamba katika mashamba ya majaribio huko Dadamu, kando ya Arua, aina mpya ya muhogo, kwa msimu mmoja wa kwanza, ilikuwa imeonyesha dalili chache za ugonjwa kwenye majani kuliko aina ya kienyeji iliyopandwa kando yake. Mizizi ilikuwa haijachimbwa. Haikujulikana kama ingezaa vizuri wala kama ingelika. Majaribio ya udongo wa sehemu nyingine yangefuata. Mbegu, yaani vijiti vya kupanda, zilikuwa hazijaanza kugawiwa.

Niliyasoma yote hayo. Sitajitetea kwa kusema sikuyasoma.

Mwalimu alikuwa na jino. Alikuwa amevimba shavu moja na kwenda kulala kwake, akaniachia ofisi kwa maneno mawili yaliyotoka upande mmoja wa mdomo. Nikakaa mbele ya stensili na rula yangu. Mstari mmoja wa kichwa cha habari ulibeba herufi thelathini hivi, ukizibana. Nilianza na maneno mengi: muhogo mpya, majaribio, Dadamu, dalili chache, majani, msimu mmoja. Hayakuingia. Nikatoa "msimu mmoja", maana nani anajali. Nikatoa "Dadamu", kwa sababu watu wa Koboko wangesema hayo ni mambo ya Arua. Nikatoa "majaribio", neno refu, baya kuchora. "Dalili chache" ilikuwa na maji maji mno. Mwishowe nilibaki na kitu kifupi, kitamu, kinachokaa mstari mmoja kama kimezaliwa hapo:

MUHOGO MPYA WASHINDA UGONJWA

Nilikichora kwa herufi nene. Nikakitazama kwa mbali, nikakitazama kwa karibu. Nilikipenda. Chini yake habari yenyewe niliichapa sawasawa, kila kitu ndani, hata lile la mizizi. Ningeulizwa, ningesema: si nimeandika yote? Someni.

Siku ya soko nilipanda gari na mabunda mwenyewe, nimevaa gauni la kutokea. Sajini alipokea gazeti, akalisoma kwanza kimya, midomo inacheza. Akanitazama. "Madam, hii iko kweli?"

"Iko, Sajini. Imetoka kwa ofisa."

Akapanda kreti. Nimesikia Sajini akipiga kelele habari nyingi, lakini ile alipiga kama amri ya kufyatua mizinga. Soko lililipuka. Kina mama walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa kuuza tumbaku alivua kofia, akaitupa juu, akaikosa, ikaangukia kwenye beseni la samaki. Magazeti yaliisha kabla ya adhuhuri, na wengi walioyachukua walitaka tu kuwa nayo mkononi. Nilirudi Arua nikiimba ndani ya gari mpaka dereva akaniomba ninyamaze.

Siku tatu baadaye alikuja ofisini kijana mmoja mrefu, mpole, viatu vyake vina matope ya shamba. Alikuwa ofisa wa kilimo, mmoja wa waliokuwa wanalinda yale mashamba ya Dadamu. Mkononi alikuwa na gazeti letu na nakala ya lile tangazo. Mwalimu alikuwa amerudi siku hiyo, shavu limepungua nusu. Ofisa alisalimia vizuri, akauliza hali za nyumbani, akakubali chai. Kisha akasema, kwa adabu iliyonichoma kuliko matusi:

"Samahani, dada. Nimetafuta neno 'washinda' kwenye tangazo letu. Sijaliona. Labda macho yangu."

Mwalimu alininyooshea tangazo na kalamu nyekundu. "Pigia mstari," aliniambia. "Kila neno la kichwa chako ambalo limo humu, lipigie mstari."

Nikapiga mstari "muhogo". Nikapiga "mpya", maana "aina mpya" ilikuwemo. "Ugonjwa" ilikuwemo pia, lakini ilikuwa imeshikwa mkono na "dalili chache za", nikaanza kusitasita. "Washinda" sikuiona popote, nilipekua karatasi zote mbili kama mtu aliyepoteza sindano. Nilihisi masikio yanawaka.

"Sasa pigia mstari maneno uliyoyatoa," akasema Mwalimu.

Hapo kalamu ilifanya kazi. Dadamu. Majaribio. Msimu mmoja. Majani. Kuliko aina ya kienyeji. Mizizi haijachimbwa. Karatasi ikawa nyekundu, na kila nilichokipiga mstari ndicho kilichokuwa habari. Ofisa alieleza bila haraka. Jani zuri si mzizi mzuri, alisema. Kuna mimea inayopendeza juu na chini hakuna kitu. Msimu mmoja ni msimu mmoja, mwaka mwingine wadudu wanaoeneza ugonjwa wanaweza kuwa wengi zaidi. Na udongo wa Dadamu si udongo wa Koboko. "Sisi wenyewe tuna matumaini," akasema, na akacheka kidogo. "Lakini bado hatujaonja."

"Lakini habari ndani niliandika vizuri," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Sajini anasoma ndani?" aliuliza Mwalimu.

Wakati ule ule, kana kwamba nilikuwa sijaaibika vya kutosha, akaingia mama mmoja jirani yetu wa Lobule, muuzaji wa karanga, aliyekuwa na kawaida ya kuniletea salamu za Shangazi. Akatua kikapu chake, akatoa kifungu cha karanga, akatoa salamu. Shangazi mzima, ng'ombe wazima. "Na anakualika," akasema. "Kesho kutwa, asubuhi. Ameita majirani kwa kazi. Anang'oa muhogo."

"Kiasi gani?"

"Yote. Shamba zima. Anataka ardhi iwe tupu, mbegu mpya ya serikali ikifika aipande palepale. Si Sajini ametangaza?"

Hapa lazima nimwelezee Shangazi, la sivyo hutaelewa kwa nini niliishika meza. Ndiye aliyenilea. Baada ya vita vya sabini na tisa, watu wa familia za wanajeshi kama yetu walipovuka mpaka kwenda Zaire, yeye ndiye aliyenivusha, mimi na sufuria moja. Kule Zaire alilima mashamba ya watu miaka yote, na kujifunza kupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na kusema "mutu" na "muzuri" kama wao. Tuliporudi, alikuta nyumba imekuwa kichaka. Alikifyeka mwenyewe. Lile shamba la muhogo la Lobule ndilo lilikuwa lake la kwanza tangu turudi, na lilikuwa limekaribia kukomaa. Baadhi ya mashina yaliugua, ndiyo, nilikuwa nimeyaona. Lakini chini kulikuwa na chakula cha miezi. Ukiung'oa muhogo wote kwa siku moja, ndani ya siku chache unaanza kuoza, na mikono ya kumenya na kukausha shamba zima asingekuwa nayo. Mbegu mpya ya kupanda haikuwepo. Angebaki na udongo mtupu na tumaini nililolitunga mimi.

"Kesho ni siku ya soko Koboko," Mwalimu alisema. Alikuwa ameshavuta stensili mpya. "Tunatoa karatasi moja. Mahali pale pale, herufi zile zile, ukubwa ule ule. Kosa halikuandikwa kwa herufi ndogo."

Wale wanaume wawili na mimi tulitumia alasiri nzima kwenye mistari mitatu, na nakiri kwamba ilikuwa mojawapo ya alasiri tamu za maisha yangu, ingawa nilianza nikiwa na machozi. Nilipendekeza "Muhogo mpya wapunguza ugonjwa". Ofisa akatikisa kichwa: haupunguzi ugonjwa, wenyewe ndio unaougua kidogo, wa jirani unaumwa vilevile. Nikapendekeza "Muhogo mpya waweza kushinda". Mwalimu akauliza "waweza" inamaanisha nini, hata yeye aweza kushinda mbio za baiskeli. Ofisa akapendekeza kichwa chake mwenyewe, chenye maneno ishirini na mabano mawili, na mimi na Mwalimu tukacheka mpaka Mwalimu akashika shavu. "Kijana," alisema, "hiyo ni barua ya posta." Tukabishana kuhusu "kuliko". Ofisa alisema bila "kuliko" hakuna matokeo, kwa sababu walichopima ni aina moja kando ya nyingine. Nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa mtu mwenye akili sana. Tukahesabu herufi kwa vidole. Ikatoka hivi:

MUHOGO WA MAJARIBIO DADAMU
WAUGUA KIDOGO KULIKO WA ZAMANI
MPAKA SASA, MIZIZI BADO

Chini yake, kwa herufi za taipureta, tuliandika kwamba toleo lililopita lilikosea kusema muhogo huo umeshinda ugonjwa. Kwamba msimu mmoja tu ndio umepita. Kwamba mbegu haijagawiwa. Na kwamba hakuna ofisa aliyemshauri mtu ang'oe shamba lake kwa ajili ya mbegu hiyo. Ofisa alisoma mara mbili. "Sasa hiki ni chetu," alisema, na akaondoka na matope yake.

Kesho yake, Koboko, Sajini alisoma karatasi kimya, midomo inacheza. Alisoma tena. Akaikunja.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini, Sajini?"

"Mimi nilitoa amri. Watu wote nasikia. Leo mimi nasema amri ile hapana? Jeshini, ile mutu alitoa amri ndiyo nafuta amri. Mbele ya kikosi. Panda."

"Mimi?"

"Ulisema iko kweli. Panda, Madam."

Nikapanda kreti la soda. Lilikuwa linayumba, na gauni langu la kutokea, nililolivaa kwa mazoea tu, lilipepea vibaya. Soko lote lilikuwa linanitazama. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ingeshindwa kumwamsha kuku. Mafundi baiskeli walicheka. Mama mmoja wa simsim akapaza sauti, "Binti, kula kwanza!" Nami nikacheka, sijui kwa nini, na kucheka kukanifungua koo. Nikasoma mistari mitatu. Nikasema: mara ya kwanza nilikosea mimi, Sajini alisoma nilichoandika.

Nilitegemea matusi. Badala yake yule mzee wa tumbaku aliinua mkono, kofia ileile kichwani, bado ina harufu ya samaki. "Sasa mizizi bado, hawa maofisa nachimba lini?" Mwingine: "Na huku Koboko, serikali najaribu wapi?" Mama wa simsim alitaka kujua kama majani yake yanafaa kwa mboga. Nilijibu nilichokijua, na nilichokuwa sikijui nilisema sikijui, nitamuuliza ofisa. Hakuna siku nyingine niliyowahi kuona watu wakiuliza maswali baada ya kichwa cha habari. Kile cha kwanza walikipigia vigelegele na kwenda zao. Sajini, aliyesimama pembeni yangu kikakamavu, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba sauti yangu ni mbaya lakini nimesimama vizuri. Kisha akanisukumia baiskeli yake. "Lobule haiko karibu," alisema. "Enda."

Baiskeli ya Sajini ilikuwa ndefu kwangu, na viatu vyangu havikufikia pedali zikiwa chini. Niliiendesha kwa kurukaruka njia nzima, watu wakinipungia mikono na kuniuliza kama nimeiiba. Jua lilikuwa bado juu nilipofika. Shangazi alikuwa uani, sufuria kubwa tatu zimeshaoshwa na kugeuzwa, maharage yamechambuliwa, maana ukiita majirani kwa kazi unawalisha. Aliponiona akapiga kofi moja la furaha.

"Mutoto yangu ya gazeti! Ulikuja kunisaidia kungoa!"

"Shangazi, asalaam aleikum. Usiung'oe."

"Waaleikum salaam. Kaa chini, kunywa maji. Usingoe nini?"

Nikamwambia. Aliendelea kupanga sufuria. Alisema Sajini ametangaza, soko lote limesikia. Nikasema ndiyo, lakini Sajini alisoma maneno yangu, nami nilikosea. Akanitazama kana kwamba nimemwambia jua limechomoza Zaire.

"Wewe hapana kosea," alisema. "Wewe ulisoma. Majirani naniuliza, huyu mutoto wako nafanya nini Arua? Mimi nawaambia, yeye ndiyo naandika ile Sajini nasema. Kama wewe umeandika, iko kweli. Mimi hata sikuuliza mutu mwingine."

Hapo ndipo nililia. Si kwa sauti, lakini nililia. Sikuwahi kujua kwamba wakati mimi nachora herufi nene ili nimshike mtu kola, kola niliyoishika ilikuwa ya Shangazi. Yeye aliyeamini watu wachache sana duniani, na kwa sababu nzuri, aliniamini mimi bila kuuliza.

Nilitoa lile tangazo la maofisa, lililojaa mistari myekundu, nikamsomea lote, neno kwa neno. Alikaa kwenye kigoda. Alisikiliza kama anavyosikiliza bei sokoni, jicho moja limefumbwa nusu. Nilipomaliza alianza kuuliza.

"Hii muhogo mupya, walichimba?"

"Bado."

"Walionja?"

"Hawajaonja, Shangazi."

"Iko tamu ao iko chungu?"

"Hawajui."

"Mbegu iko wapi?"

"Iko Dadamu. Haijatolewa kwa mtu."

"Sasa." Alifumbua lile jicho. "Nani alisema inashinda ugonjwa?"

"Mimi."

"Wewe tu?"

"Mimi peke yangu. Mwalimu alikuwa na jino."

Shangazi alitazama sufuria zake tatu. Alitazama shamba. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumboni, halafu akateleza kutoka kwenye kigoda na kukaa chini kabisa, ametandaza miguu, anajipiga mapaja. "Hawajaonja!" alisema. "Mimi nangoa shamba, na wenyewe hawajaonja!" Nilicheka naye huku kamasi zinatoka. Jirani alichungulia juu ya ua akidhani kuna harusi.

Lakini majirani walikuwa wameshaitwa, na Shangazi hakuwa mtu wa kuita watu na kuwafukuza. Asubuhi walikuja na majembe, zaidi ya ishirini. Akanisimamisha mbele yao nieleze. Sikuhitaji kreti. Walinizomea kidogo, inavyostahili, kisha wakaingia shambani wakapalilia lote, mstari kwa mstari, na kung'oa yale mashina machache yaliyokuwa yamedumaa kabisa. Walichimba muhogo wa kutosha mchana ule tu. Tuliumenya kwa kelele, tukapika, tukatwanga majani mazima kwa sombe ya Kizaire, na wanaume wakala mpaka wakalala chini na kofia usoni. Nilirudisha baiskeli Koboko nikiwa na mikono yenye malengelenge na furaha tele.

Baadaye mambo yaliendelea polepole, kama ofisa alivyosema yangeendelea. Mizizi ya Dadamu ilichimbwa, ikatoka vizuri kiasi, nasi tukaandika kiasi. Maofisa walitafuta watu wa Koboko wa kutoa kipande cha shamba kwa majaribio, na Shangazi alitoa kona moja, chini ya njia, baada ya kuwahoji wale vijana mpaka wakaomba maji. Kila nikienda kumtembelea nilikuta mtu amesimama kwenye ile kona, anamuuliza kama muhogo mpya kweli unashinda. Shangazi alikuwa akinyoosha mkono kuonyesha mipaka. "Hii kona," alikuwa akisema. "Musimu hii. Majani iko muzuri. Zingine utaniuliza mwaka kesho." Nilimwonea wivu. Mimi na rula yangu tulihitaji alasiri nzima na wanaume wawili kufika hapo.

Kabla kona ile haijachimbwa, mvua zilichelewa. Ilikuwa miezi mibaya, mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na watu wengi walikula mara moja kwa siku. Mchana mmoja Shangazi alikuja ofisini Arua, mara yake ya kwanza, na kikapu kimefunikwa kwa majani ya ndizi. Alimsalimia Mwalimu kwa heshima zote, akakataa kiti, akakipokea, akafungua kikapu juu ya meza, katikati ya stensili na wino. Ulikuwa muhogo wa kuchemsha, mweupe, bado wa vuguvugu katikati, wa lile shamba la zamani. Nyumbani Lobule alikuwa anachimba kidogo kila siku, alisema, yeye na nyumba mbili za jirani, na ulikuwa bado upo.

Mwalimu alichukua kipande, akauliza kwa mazoea yake, "Wa wapi huu, mama?"

Shangazi alinitazama mimi, akatabasamu, akanisogezea kipande kikubwa kuliko vyote.

"Ya shamba ile mimi nilitaka kungoa," alisema. "Kula, mutoto yangu. Hii tumeonja."